Nimefaulu B1 ya Kijerumani lakini mdomo haufunguki: nawapataje Wajerumani wa kuzungumza nao kwa simu?

Muuguzi_wa_Moro

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni muuguzi, naishi Morogoro, na mwaka huu nimefaulu mtihani wa B1 wa Kijerumani. Kusoma nasoma, barua naandika, na mwalimu akizungumza taratibu darasani namwelewa bila shida. Kinachonishinda ni kuzungumza na Mjerumani mwenyewe, kwa kasi yake, nikiwa sina daftari mbele yangu. Nataka kufanya B2 ya Goethe mwakani, na kule kuna sehemu ya kutoa hotuba fupi ya dakika kama 4 na kisha kujadiliana na mtahiniwa mwenzako, kwa hiyo kuandikiana peke yake hakutanifikisha.

Nimejiunga na programu za kubadilishana lugha, kwanza HelloTalk, na baadaye Tandem. Kwa miezi miwili nimeandikiana na watu 41. Nimewahesabu jana usiku. Kati yao ni 3 tu tuliofikia kupigiana simu, na wote 3 tuliishia kuzungumza Kiingereza. Wengine waliniuliza habari, nikajibu nzuri, wakanyamaza. Katika wasifu wangu nimeandika kwamba lugha yangu ni Kiswahili, Kiingereza nakifahamu vizuri, na ninajifunza Kijerumani. Je, nimekosea programu, au nimekosea namna ya kuitumia?

Babu_Mtandao

Ndugu Muuguzi, unajitesa bure na simu. Mimi nilijifunza Kifaransa kwa jumbe za sauti tu. Unarekodi sekunde 40, unamtumia mwenzako, naye anakujibu anapopata nafasi. Bando haliliki, saa za nchi mbili hazigongani, na jambo kubwa zaidi ni kwamba unaweza kurudia kurekodi mpaka sentensi inyooke. Fanya hivyo kwa miezi 6 na utazungumza kama maji.

Muuguzi_wa_Moro

Nashukuru, Babu. Nimejaribu. Ujumbe mmoja niliurekodi mara 11 kabla ya kuutuma, na uliponyooka ulikuwa umenyooka kama barua iliyosomwa kwa sauti. Nilipopigiwa simu na mtu yuleyule, sikuweza kumaliza hata sentensi mbili.

Kalamu_Leipzig

Muuguzi, jibu limo ndani ya swali lako mwenyewe, pale uliposema kwamba umeandika Kiingereza kwenye wasifu. Nimekaa Leipzig miaka kadhaa nikiwasaidia wanafunzi wa Kiswahili katika mazoezi ya mazungumzo, na jambo hili naliona kutoka upande wa pili.

Programu hizi ni soko la kubadilishana mali kwa mali. Zinakupeleka mbele ya watu kwa kutazama unachokileta na unachokitafuta. Ukisema una Kiingereza, utapelekwa mbele ya Wajerumani wanaotafuta Kiingereza, na ukubali kwamba hao ni wengi mno kuliko wanaotafuta Kiswahili. Kiingereza chao tayari ni kizuri kuliko Kijerumani chako, kwa hiyo sentensi ya kwanza itakapokwama, nyote wawili mtahamia palipo rahisi. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Maji hufuata mkondo. Kifute Kiingereza, ubakize Kiswahili peke yake. Watakaokuandikia watapungua mno, pengine wiki nzima ipite bila ujumbe, lakini atakayekuja atakuwa na shida na kitu ambacho wewe unacho.

Pili, usisubiri kutafutwa. Nenda kwenye utafutaji na uweke Kijerumani kuwa lugha ya kuzaliwa na Kiswahili kuwa lugha inayojifunzwa. Baadhi ya vichujio, kama kutafuta kwa mji, hufunguliwa kwa anayelipia, lakini huo wa lugha mbili unakutosha. Utakaowakuta si wengi, na wanaangukia katika makundi ambayo ukiyafahamu utajua la kuwaambia. Kuna wanafunzi wa vyuo vikuu vinavyofundisha Kiswahili, kama Leipzig, Bayreuth, Hamburg na Humboldt cha Berlin. Hawa wanajua ngeli kuliko wewe na mimi, lakini wengi hawajawahi kubishana na mtu kwa Kiswahili. Kuna waliooa au kuolewa Afrika Mashariki. Na kuna vijana wa mpango wa kujitolea uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008, wenye umri wa miaka 18 hadi 28, ambao wengi huondoka Ujerumani kati ya Julai na Septemba na hukaa huko Afrika Mashariki kama mwaka mmoja.

Wengi hukimbilia wale wanaojiandaa kuondoka. Mimi ningekushauri uwatafute waliorudi. Anayejiandaa ana hamu kubwa, lakini Kiswahili chake ni «jambo» na «asante», kwa hiyo nusu yake ya muda itakuwa ya Kiingereza, na akifika Moshi au Iringa atapata watu wa kuzungumza nao na atakusahau. Aliyerudi Kiswahili chake kiko pale kilipo Kijerumani chako: anaelewa, anajikwaa, na anaogopa kukipoteza. Watu wawili wanaojikwaa sawasawa ndio wanaovumiliana, na hakuna anayelazimika kukimbilia lugha ya tatu.

Kuhusu jumbe za sauti, Babu hajakosea kabisa. Ni daraja zuri la siku chache za mwanzo, ili mjuane sauti na muone kama kila mmoja anamwelewa mwenzake. Lakini kinachokushinda wewe ni ile sekunde ambayo mtu anakusubiri ujibu, na katika ujumbe wa sauti sekunde hiyo haipo.

Muuguzi_wa_Moro

Asante sana. Kiingereza nimekifuta sasa hivi. Je, ujumbe wa kwanza niuandikeje? Mimi huanza kwa salamu na kumuuliza habari za nyumbani.

Kalamu_Leipzig

Salamu ndefu kwetu ni heshima, lakini kwa Mjerumani asiyekufahamu ni ujumbe usio na swali, naye hajui ajibu nini. Mpe jambo la kukubali au kukataa. Andika mfano huu, uubadilishe kadiri ya wasifu wake:

«Hallo, ich habe gesehen, dass du Swahili lernst. Ich komme aus Morogoro und lerne Deutsch. Hast du Lust, am Sonntag 20 Minuten zu telefonieren, zehn auf Deutsch und zehn auf Swahili?»

Angalia kwamba siku imetajwa, urefu umetajwa, na mgawanyo umetajwa. Dakika 20 si mzigo, na mkipendana mtaongeza. Kwa uzoefu wangu, watu wakipitisha wiki mbili wakiandikiana bila kusikiana, simu haiji tena, kwa sababu kila mmoja ameshazoea kuwa hodari kwa maandishi na hataki kuonekana dhaifu kwa mdomo.

Mkipigiana, saa ndiyo iwe refa. Weka kengele kwenye simu. Dakika za Kijerumani zikiwa zinaendelea, hata ukikwama usitoke kwenye Kijerumani; sema «Wie sagt man…?» kisha eleza kitu hicho kwa mzunguko. Zikigeuka za Kiswahili, naye afanye vivyo hivyo. Anzeni na lugha ya yule mwenye hofu zaidi, maana ikiachwa mwishoni ndiyo inayokatwa muda unapobana.

Sasa upande wetu, maana lawama nyingine ni zetu. Wanafunzi wangu wana malalamiko mawili kuhusu Waswahili, na huyarudia kila mwaka. La kwanza ni kwamba hatusahihishi. Mtu akisema «kitabu yangu imepotea» tunamsifu kwamba anajua Kiswahili sana, naye anarudi kwangu akiwa na hasira kwa sababu alikuja kusahihishwa. La pili ni «nitakutafuta». Kwetu ni njia ya upole ya kuagana, lakini kwake ni ahadi, na anakaa akisubiri. Kama hutampigia, mwambie hutampigia.

Safari_ya_Ulaya

Wakuu, na mimi nataka kwenda Ujerumani. Nina cheti cha ufundi bomba. Hizo programu zinampa mtu mwaliko wa viza, au mpaka ulipie?

Muuguzi_wa_Moro

Hapana, ndugu. Hizi ni za kuzungumza tu. Hazihusiki na viza wala kazi, na yeyote atakayekuahidi viza ndani yake umkimbie.

Nasra_Maskati

Naomba niongeze neno kwa upande wa wanawake, maana Muuguzi hakusema kama ni mwanamke au mwanamume. Mimi niko Maskati, nyumbani tunazungumza Kiswahili cha Unguja, na nimetumia HelloTalk kukuza Kiarabu changu cha kuandika na Kijerumani kidogo. Siku ya kwanza nilipoweka picha yangu nilipokea jumbe zaidi ya 60, na hakuna hata mmoja uliohusu lugha. Katika mipangilio ya faragha kuna sehemu ya kuruhusu wa jinsia yako tu wakuone, na sehemu ya kuweka mipaka ya umri. Nilipoziwasha, jumbe zilipungua zikawa za maana. Tandem wao humkagua mtu kabla ya kumruhusu kuingia, na wenza wako huweza kukuandikia maoni kwenye wasifu, kwa hiyo mtu usiyemjua huko unaweza kumsoma kwanza kwa yale aliyoandikiwa.

Ishara ambayo haijanidanganya mpaka leo ni hii: mtu anayetaka mhamie programu nyingine ndani ya dakika 10 za mwanzo, kabla hamjazungumza hata neno la lugha mnayojifunza. Wengine huishia kwenye habari za uwekezaji, wengine kwenye mapenzi ya ghafla. Anayejifunza lugha kwa dhati hana haraka ya namba yako.

Pwani_Diani

Nyinyi mnazunguka mbuyu. Njooni Diani. Wajerumani wako hapa, wengine wamejenga kabisa. Mimi Kijerumani changu chote nimekipata ufukweni bila darasa wala programu, na ninaongea haraka kuliko hao wa B1.

Kalamu_Leipzig

Pwani, kasi yako naiamini, na masikio yako bila shaka ni makali kuliko ya darasani. Lakini jiulize ni mara ngapi mtalii amekusahihisha. Anakuelewa, anafurahi, ananunua au anaondoka. Kijerumani cha ufukweni huganda mahali kinapotosha kwa kazi. Muuguzi atakaa mbele ya watahini wanaopima kama kitenzi kimekaa mwisho baada ya «weil».

Pwani_Diani

Hilo sikatai. Ila yeye amesema mdomo haufunguki, na mimi wangu uko wazi.

Mwalimu_Kigoma

Ninaomba kutofautiana kidogo na Kalamu. Nimefundisha lugha za kigeni sekondari kwa muda mrefu. Mtu wa kiwango cha kati akisahihishwa na rafiki asiye mwalimu hupata jibu bila sababu. Mjerumani wa kawaida atakuambia «ndivyo tunavyosema», basi. Ni bora kulipia mwalimu kwenye italki mara moja kwa wiki. Kule kuna walimu wenye ujuzi wa ualimu na kuna wazungumzaji wa kawaida ambao bei yao mara nyingi ni ndogo zaidi. Ukimlipa mtu, dakika zote ni zako, hugawani naye.

Muuguzi_wa_Moro

Mwalimu, bei zake ni za dola, nami mshahara wangu naujua. Labda mara moja karibu na mtihani. Nitarudi na ripoti.

Muuguzi_wa_Moro (wiki 6 baadaye)

Nimerudi. Kwa siku 9 za mwanzo baada ya kufuta Kiingereza hakuna aliyeniandikia, nikakaribia kukirudisha. Nikatafuta mwenyewe kama nilivyoelekezwa, nikawaandikia watu 7, wakajibu 4. Wawili tumeendelea: mmoja ni mwanafunzi, na mwingine ni dada aliyefanya kazi ya kujitolea mkoani Mbeya na kurudi kwao. Huyu wa pili ndiye hasa. Tunazungumza Jumatano na Jumapili, dakika 30 kwa 30, sauti bila video kwa ajili ya bando.

Simu ya kwanza niliikosa kwa ujinga wa saa. Aliniambia «halb acht». Mimi kichwani mwangu «halb» ni nusu na «acht» ni nane, basi ni nane na nusu, kama tusemavyo sisi, kwa hiyo nikahesabu saa mbili na nusu usiku ya kwao, nikaongeza saa moja ya tofauti wakati huu wa kiangazi, nikampigia saa tatu na nusu ya hapa. Kumbe «halb acht» ni nusu ya kuelekea nane, yaani 19:30, ambayo kwetu ni saa mbili na nusu. Alikuwa amenisubiri saa nzima. Tangu siku hiyo tunaandikiana kwa tarakimu, 19:30 kwake na 20:30 kwangu, na nimeambiwa kwamba Jumapili ya mwisho ya Oktoba watarudisha saa zao nyuma, hivyo itakuwa 21:30 kwangu.

Wiki ya tatu nilimweleza habari ya mgonjwa wa wodini bila kumtaja. Nikasema «weil sie hat nichts gegessen». Hakunikatiza. Tulipomaliza nusu yangu alinitumia mistari 3 ya maandishi, na wa kwanza ulikuwa «…weil sie nichts gegessen hat». Nilipousoma nilikumbuka kabisa nilipousema, na mpaka sasa nausikia kabla sijakosea. Hiyo ndiyo kanuni yetu: makosa 3 kila mmoja, baada ya nusu yake, kwa maandishi. Mimi nilimpa «kitabu yangu» zake 3, na alifurahi kuliko nilivyotarajia.

Jambo lililotuvuruga zaidi lilikuwa dogo. Aliniuliza kwa Kijerumani kama bado sijala, nami nikasema «Ja», nikimaanisha ndiyo, sijala. Hakujua nimemaanisha nini. Na siku aliposema ameumwa na kichwa nilimwambia «Es tut mir leid», kwa kuwa nilitaka kumpa pole, akacheka akaniuliza kama ni mimi niliyemuumiza.

Kalamu_Leipzig

Hapo ndipo mnapofundishana kweli. Swali la kukanusha kwao, ukikubali kwamba hujala, sema «Nein, noch nicht». Ukitaka kumpinga kwamba umeshakula, sema «Doch». Sisi tunaitikia usemi wa mwulizaji, wao wanaitikia ukweli wa jambo. «Es tut mir leid» hata wao huitumia kwa kusikitika, kwa hiyo alikuwa anakutania, lakini kwa kichwa kinachouma ungemtakia «Gute Besserung». Pole yetu inakwenda kwa aliyechoka, aliyejikwaa na aliyefiwa. Wao wana neno kwa kila mlango, na mengine hawana.

Tahadhari moja: naamini mnaitana «du». Kwenye programu hizi ni kawaida, lakini mgonjwa wa miaka 80 hospitalini au mwajiri kwenye usaili unamwita «Sie», na vitenzi vyako vyote vimezoea «du». Mwombe siku moja kwa wiki acheze mgonjwa au mkuu wa wodi.

Mwalimu_Kigoma

Nakubali kwamba mistari 3 ni njia nzuri kuliko nilivyofikiri. Hata hivyo hesabu dakika. Nusu saa mbili kwa wiki ni saa moja ya Kijerumani, na humo naye anazungumza, kwa hiyo mdomo wako mwenyewe unafanya kazi kama nusu saa kwa wiki. Na kutokukatizwa nako kuna hasara: kosa la matamshi, kwa mfano «ü» linalogeuka «u», halionekani kwenye mistari ya maandishi.

Kalamu_Leipzig

La matamshi nakubaliana nawe, na sina dawa yake kwa njia hii. Akikatiza, mazungumzo yanakufa. Asipokatiza, sauti inazoeleka vibaya. Wanafunzi wangu wengine hurekodi dakika 2 kwa ridhaa ya mwenzao na kusikiliza pamoja, wengine huona aibu na kuacha.

Nasra_Maskati

Na mimi nina swali ambalo halijajibiwa. Mwenzangu wa Kiarabu ni Mmisri, nami naishi na Waomani. Kila nikizoea maneno yake, jirani ananicheka. Je, nimwache?

Babu_Mtandao

Usimwache, bibi. Mtumie jumbe za sauti.

Muuguzi_wa_Moro

Mwalimu, hesabu yako ni ya kweli, na nilipoifanya usiku nilihuzunika. Nimemwomba yule mwanafunzi tuongeze Ijumaa, yeye atoe hotuba ya dakika 4 kwa Kiswahili nami kwa Kijerumani, kisha kila mmoja amuulize mwenzake maswali, kama ilivyo kwenye mtihani. Amekubali. Mada yake ya kwanza ni daladala na yangu ni kazi za usiku hospitalini. Tumeandikiana 18:00 kwake, 19:00 kwangu.